Sura ya 7: Seva Ikinyamaza Usiku, Nani Atakuamsha?

"Mbona kila mara mteja ndiye anayeniambia kwamba tovuti yangu haifunguki?" Anauliza hivyo mwenye duka la jumla Mbagala, mwenye shule ya awali Tegeta, na kijana wa Mwananyamala anayetunza tovuti za watu kwa malipo ya mwezi. Wote hawa simu haiwatoki mkononi. Inawaita kwa salio la benki, kwa kikundi cha harusi, kwa matokeo ya mpira. Lakini kompyuta inayobeba biashara yao ikizimika saa nane usiku, simu inakaa kimya mpaka asubuhi, mteja atakapolalamika.

Kompyuta iliyozimika haiwezi kutangaza kwamba imezimika. Tangazo lazima litoke kwa kitu kingine, kilicho mahali pengine, chenye umeme wake na mtandao wake. Kitu hicho nitakiita mwangalizi. Kazi iliyobaki ni kujua akae wapi, asubiri muda gani kabla ya kukuamsha, na ujumbe wake ukufikie kwa njia gani.

Seva, kwa wanaolisikia neno hili kwa mara ya kwanza, ni kompyuta inayowashwa muda wote ili kuhudumia kompyuta na simu nyingine. Inaweza kuwa mtambo mkubwa ndani ya jengo lenye ubaridi huko Ulaya, au kompyuta ndogo kama kitabu, iliyowekwa chini ya kaunta.

## Kwanza, seva yako iko wapi?

Tuchukue duka letu la Mbagala kama mfano, maana lina seva za aina zote mbili. Tovuti yake, ile wanayofungua wateja kuangalia bei, iko kwenye seva ya kukodi nje ya nchi. Daftari la mauzo na stoo liko kwenye kompyuta ndogo dukani, inayotumia intaneti ya ruta yenye laini ya simu.

Seva ya kukodi ina anwani yake ya intaneti, na yeyote duniani anaweza kuibishia hodi. Ile ya dukani haibishiwi. Kampuni za simu hazina anwani za kutosha kumpa kila mteja ya kwake, kwa hiyo wateja wengi hupangwa nyuma ya anwani moja. Seva yako inaweza kutoka kwenda kuzungumza na dunia, lakini dunia haiwezi kuanza mazungumzo nayo. Kuhakikisha, fungua ukurasa wa ruta yako, soma anwani iliyopewa na kampuni ya simu, kisha kwenye kompyuta andika amri hii:

```
curl -4 https://ifconfig.me
```

Namba mbili hizo zikitofautiana, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Watu wengi hapa ndipo wanapokwama. Wanajiunga na huduma ya uangalizi ya bure, wanaiandikia anwani ya seva ya dukani, nayo inawaambia seva imekufa wakati wanaiona inawaka taa mbele yao.

Basi seva inayofikika tunaibishia hodi kutoka nje. Seva iliyofichika tunaiagiza yenyewe itume salamu kila baada ya dakika kadhaa, na salamu zikikatika, anayezipokea ndiye anayepiga kelele.

## Kubisha hodi

Kubisha hodi ni kuomba ukurasa, kama anavyofanya mteja, kisha kutazama kinachorudi. Huduma kama UptimeRobot hufanya hivyo kila baada ya dakika 5. Kwa anayetaka kuwa na mwangalizi wake mwenyewe hapa Dar es Salaam, maelekezo machache kwenye kompyuta yoyote ya Linux yanatosha. Ile ya dukani inafaa kabisa kuichunga tovuti iliyoko Ulaya:

```
#!/bin/sh
n=$(cat /tmp/kosa 2>/dev/null || echo 0)
if curl -fsS -m 15 https://TOVUTI-YAKO/ | grep -q "Bei ya leo"
then
  [ "$n" -ge 3 ] && curl -m 15 -d "Tovuti imerudi" ntfy.sh/JINA-LAKO
  n=0
else
  n=$((n+1))
  [ "$n" -eq 3 ] && curl -m 15 -d "Tovuti haijibu" ntfy.sh/JINA-LAKO
fi
echo $n > /tmp/kosa
```

Maelekezo haya huendeshwa kila baada ya dakika 2 na `cron`, programu iliyomo ndani ya Linux inayofanya kazi kwa ratiba. Kila mara huomba ukurasa, husubiri si zaidi ya sekunde 15, na hutafuta maneno "Bei ya leo" ndani yake. Hodi isipoitikiwa mara tatu mfululizo, ujumbe mmoja unatumwa kwenye simu kupitia ntfy, huduma ya bure yenye programu yake ya simu. Tovuti ikirudi, unatumwa ujumbe mwingine mmoja. Zaidi ya hapo, kimya.

Hiyo mara ya tatu ina kazi kubwa. Intaneti ya laini ya simu pembezoni mwa mji hukatika kwa sekunde kadhaa na kurudi, hasa jioni watu wote wakiwa majumbani. Mwangalizi anayelia kwa kila mkatiko atakuamsha bure siku mbili za kwanza. Siku ya tatu utamzima sauti, na siku ya nne tovuti italala kweli. Kwa kusubiri makosa matatu, unapata habari kati ya dakika 4 na dakika 6 na ushee tangu tovuti ilale. Kwa duka la jumla, ucheleweshaji huo si kitu.

Nayo maneno "Bei ya leo" yamewekwa kwa sababu seva inaweza kuitikia vizuri na bado isiwe na kitu. Ada ya mwaka ya jina la tovuti ikipita bila kulipwa, mgeni anaweza kupelekwa kwenye ukurasa wa matangazo unaofunguka bila kosa lolote. Mwangalizi anayeuliza tu kama kuna mtu ataridhika. Anayetafuta maneno ya dukani kwako atagundua kwamba mwenyeji amebadilika.

Hapa angalia bando. Amri hiyo haipakui picha, inachukua maandishi ya ukurasa peke yake. Hata hivyo, ukurasa wa kilobaiti 100 ukiombwa kila dakika 2 ni mara 720 kwa siku, yaani megabaiti 72, na kwa mwezi zaidi ya gigabaiti 2. Afadhali mtengeneza tovuti akuwekee ukurasa mdogo wa siri unaosoma bei moja tu kutoka kwenye hifadhi ya bidhaa na kuiandika. Ukurasa huo ukijibu, unajua kwamba hifadhi nayo iko hai, na gharama inakuwa ndogo sana.

Jina la ntfy pia lichague kwa uangalifu. Njia hiyo haina nywila, na anayelijua jina anasoma kila ujumbe na anaweza kukutumia wa uongo. Usiandike `duka-mbagala`. Weka herufi na namba zisizobahatishika.

Ukishapata ujumbe, jambo la kwanza ni kubisha hodi mwenyewe na kusoma namba ya kosa:

```
curl -fsS -m 15 -o /dev/null https://TOVUTI-YAKO/ ; echo $?
```

- 6: jina la tovuti halipatikani. Angalia ada ya jina, au intaneti ya hapo ulipo.
- 7: seva ipo lakini imekataa kupokea, au njia ya kuifikia haipo. Mara nyingi programu ya tovuti imezimika.
- 22: seva imejibu kwa kosa, mathalani ukurasa haupo au programu imeanguka ndani.
- 28: muda umekwisha bila jibu. Seva imeelemewa, au njia ya katikati imekatika.
- 60: cheti cha usalama hakikubaliki. Vyeti vingi vya bure hudumu siku 90, na mfumo wa kuvihuisha huweza kukwama bila mtu kujua.

## Salamu kutoka chini ya kaunta

Turudi kwa seva ya dukani. Hii haibishiwi hodi, kwa hiyo tunaipa mstari mmoja wa `cron`:

```
*/5 * * * * uptime | curl -fsS -m 10 --retry 3 -o /dev/null --data-binary @- https://hc-ping.com/NAMBA-YAKO
```

Kila dakika 5, seva inatuma salamu kwa Healthchecks, huduma inayopokea salamu na kuhesabu muda tangu ya mwisho. Kule unaweka mambo mawili: salamu zitarajiwe kila dakika 5, na zikichelewa zivumiliwe dakika 10. Zikipita dakika 15 tangu salamu ya mwisho, simu yako inaarifiwa.

Dakika hizo 10 za uvumilivu zinatokana na maisha ya Mbagala. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, ruta huhitaji dakika mbili tatu kuwaka na kushika mtandao, na seva nayo huhitaji muda wake. Ukiweka uvumilivu wa dakika 2, kila umeme ukicheza utaamshwa kwa tatizo ambalo limeshajitatua lenyewe.

Kuhusu gharama, salamu moja hula kilobaiti chache. Hata tukizikadiria kuwa 10, salamu 288 za siku nzima hazifiki megabaiti 3.

Neno `uptime` lililo mwanzoni mwa mstari ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ni amri inayosema seva imewaka mfululizo kwa muda gani, na muda huo unasafiri ndani ya kila salamu. Huonekana kama jambo dogo mpaka siku unapotaka kujua nini hasa kilitokea usiku.

Kwa kifupi: seva yenye anwani yake inabishiwa hodi kila dakika chache, na inatangazwa kuwa imelala baada ya makosa matatu. Seva iliyo nyuma ya ruta inatuma salamu, na ukimya wa dakika 15 ndio habari.

## Usiku mmoja Mbagala, hatua kwa hatua

Tuseme salamu ya mwisho imefika saa 8:40 usiku. Saa 8:42 umeme unakatika. Saa 8:55 simu ya mwenye duka inalia: hakuna salamu tangu saa 8:40. Akitazama kwa haraka, ujumbe unaweza kusomeka 23:40, kwa sababu seva nyingi huandika saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Hiyo 23:40 kwetu ni 02:40, yaani saa nane na dakika arobaini usiku. Weka mapema saa ya Dar es Salaam kwenye huduma na kwenye seva, usije ukafanya hesabu hiyo na usingizi machoni.

Mwenye duka anampigia mlinzi, anaambiwa mtaa mzima hauna umeme. Analala. Saa 9:30 umeme unarudi, na salamu mpya inafika saa 9:35 ikiwa na maneno haya: seva imewaka siku 41.

Hizo siku 41 zinamwambia kwamba seva haikuzimika hata sekunde moja. Ilikuwa kwenye betri ya akiba, lile boksi linalokaa kati ya soketi na kompyuta. Kilichozimika ni ruta, ambayo fundi aliichomeka moja kwa moja ukutani. Kwa dakika 48 seva ilikuwa hai, inafanya kazi, na haina njia ya kusema. Tiba yake ni kuhamishia ruta kwenye betri hiyo hiyo. Boksi dogo la kawaida huwa na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 ikiwa mpya. Kompyuta ndogo na ruta zikitumia jumla ya wati 25, ukiondoa kinachopotea njiani, zinaweza kupata saa mbili hivi.

Lakini salamu ingerudi ikisema seva imewaka dakika 3, habari ingekuwa tofauti kabisa. Maana yake betri haikuibeba seva, na huenda seva ilianguka katikati ya kuandika hesabu. Hapo kitu cha kwanza asubuhi ni kukagua daftari la mauzo kama liko zima, cha pili ni kununua betri mpya. Betri hizi huchoka baada ya miaka michache, zaidi kwenye joto, na boksi huendelea kuwaka taa ya kijani kama kawaida. Muda wa kuwaka uliomo kwenye salamu utakuonyesha betri imekufa kabla hujapoteza hesabu za mwezi mzima.

Kuna usiku ambao ujumbe hauwezi kukupa zaidi ya taarifa. Tarehe 1 Aprili 2024, usiku wa manane, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Hapo mwangalizi anasema kweli, na hakuna waya wa kwenda kuuchomeka.

## Mwangalizi akisimama mahali pasipofaa

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini zinazopita pwani yetu kutoka kusini, EASSy na Seacom, zilikatika. Tanzania na majirani zake walipoteza sehemu kubwa ya njia ya intaneti kwenda nje. Itazame siku ile kupitia macho ya waangalizi wawili.

Mwangalizi aliyeko Ulaya, anayeibishia hodi tovuti iliyoko Ulaya, hakuona kosa lolote. Kwake kila kitu kilikuwa shwari, na ripoti yake ya mwezi ingeandika kwamba tovuti ilikuwa hewani muda wote. Mteja wa Mbagala, ambaye tovuti iliwekwa kwa ajili yake, hakuweza kuifungua au aliisubiri mpaka akachoka. Kwa upande mwingine, seva iliyokuwa ndani ya Dar es Salaam ingeweza kuwahudumia watu wa hapa kupitia TIX, kituo ambapo watoa intaneti wa nchini hubadilishana mawasiliano bila kupita baharini, wakati mwangalizi wa Ulaya akiitangaza kuwa imekufa.

Ndiyo maana nashauri waangalizi wawili, mmoja nje na mmoja hapa kwa wateja wako, na kusoma maneno yao pamoja:

- Wote wakilia, seva imelala kweli.
- Wa Dar es Salaam akilia na wa nje akinyamaza, tatizo liko njiani: intaneti ya dukani kwako, au njia ya nchi kwenda nje. Jaribu kufungua tovuti kwa laini ya kampuni nyingine ndipo uamue.
- Wa nje akilia na wa hapa akinyamaza, wateja wako huenda hawana habari. Kama seva iko nchini, tazama njia ya nje. Kama iko nje, huenda ulinzi wa seva umemfungia mwangalizi huyo kwa kudhani anaivamia.

Kumbuka pia kwamba mwangalizi wa dukani anaweza kuzimika mwenyewe, na ukimya wake ukaudhani ni amani. Hilo tumeshalitatua, kwa kuwa kompyuta ile ile inatuma salamu. Salamu zikikatika, unajua umepoteza vyote viwili, seva ya mauzo na jicho la tovuti.

## Ujumbe upite njia gani?

Wengi huuliza kwanza kuhusu WhatsApp. WhatsApp ya kawaida haikuruhusu kutuma ujumbe kwa programu, na wanaotumia njia za kuzunguka hufungiwa namba. Telegram inaruhusu, na ntfy imetengenezwa kwa kazi hii hasa. Zote mbili zinahitaji data kwenye simu yako, na zote hupitia seva za nje ya nchi. Siku kama ile ya kebo kukatika, mwangalizi wa Dar es Salaam angeona tatizo na asiwe na njia ya kukuambia.

Meseji ya kawaida haihitaji data na haipiti baharini. Kwa duka letu, modemu ya kuchomeka yenye laini yake, ikiwekwa kwenye kompyuta ya dukani na programu ya bure iitwayo Gammu, inatosha:

```
[ "$n" -eq 3 ] && gammu sendsms TEXT +2557XXXXXXXX -text "Tovuti haijibu tangu $(date -d '4 minutes ago' +%H:%M)"
```

Ongeza mstari huo kwenye maelekezo ya kubisha hodi, chini ya ule wa ntfy unaosema "Tovuti haijibu", ili ujumbe utoke kwa njia mbili. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukiweka alama ya uso unaolia, nafasi hushuka hadi herufi 70, na ujumbe wako hukatwa vipande na kulipiwa kama meseji mbili au tatu. Andika maneno matupu: kipi, na tangu lini.

Udhaifu wa njia hii ni salio. Bando la meseji lina tarehe ya mwisho, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni. Laini ya mwangalizi mzuri haitumiki kwa miezi, kwa sababu hakuna baya lililotokea, na siku inapohitajika inakutwa haina kitu. Iagize seva ikutumie meseji moja kila Jumatatu saa mbili asubuhi, yenye neno "Nipo" na muda wa `uptime`. Jumatatu isipofika meseji, unaenda kutazama salio, si seva.

Kwenye simu yako nako kuna kazi. Simu nyingi tunazonunua hapa, Tecno, Infinix na itel, huzima programu zilizo nyuma ili kutunza chaji, na ntfy huwa miongoni mwa zinazozimwa. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Kama huwa unaweka simu kimya usiku, ruhusu ntfy na namba ya modemu zipite kwenye ukimya huo.

Kisha jaribu kwa makusudi. Chagua Jumapili mchana duka likiwa limefungwa, uchomoe ruta, utazame saa. Ujumbe wa salamu kukatika ufike ndani ya dakika 15. Rudisha ruta, usubiri ujumbe wa kurudi. Halafu badilisha maneno "Bei ya leo" kwenye maelekezo yawe maneno yasiyokuwapo kwenye tovuti: baada ya hodi tatu, ntfy na meseji vyote vilie. Rudisha maneno sahihi, na hapo hapo mpe jina lako la ntfy mtu wa pili, ndugu au fundi, apokee ujumbe pamoja nawe siku utakazokuwa safarini na simu imezima chaji.